Candiru au Urembo? Jina la duka la dada yetu wa Ajia

Wiki iliyopita tulisema tutaandika kuhusu jina la duka la dada yetu pale Ajia, wilaya ya Arua. Wengine mlicheka, mkasema jina tu, si aandike chochote? Lakini sisi tulibishana siku tatu nzima, na pesa ya kibao ilikuwa yake, si yetu.

Dada mwenyewe ametoka upande wa Aru, Kongo. Ni Mlugbara. Anashona vitenge na sare za shule, na upande wa pili wa chumba anasuka nywele. Jina lake la kweli hatuliweki hapa. Tumwite Candiru, maana ni jina la kawaida huku na tatizo lake ni lilelile.

Candiru maana yake nini? Walugbara mnajua. Candi ni taabu, shida. Mtoto wa kiume anaitwa Candia, wa kike Candiru. Majina mengi ya Kilugbara hayamsemi mtoto, yanasema hali ya nyumba siku aliyozaliwa: kuna kifo, kuna ugomvi na majirani, kuna njaa. Mama ndiye anayeongea ndani ya jina. Sasa weka jina hilo juu ya mlango wa saluni. Mteja wa Ajia anasoma nini? Anasoma "Taabu: tunashona na kusuka".

Kwa hiyo kundi la kwanza kati yetu likasema aachane na jina lake, achague neno la maana nzuri. Wakapendekeza Ayiko, yaani furaha. Lilionekana zuri mpaka mama mmoja wa sokoni akauliza, "Huyo Ayiko ni mume wake?" Hapo ndipo tukaelewa kitu. Kwa Kilugbara maneno hayo ya maana nzuri nayo ni majina ya watu. Ayiko ni mtu, Ayikoru ni mtu. Ukiandika Ayiko kwenye duka la mwanamke, nusu ya kijiji wataamini duka ni la mwanaume fulani, na yeye ni mfanyakazi tu. Amejikimbia mwenyewe, akaishia kumpa mwingine duka lake.

Kundi la pili likasema basi tutumie Kiswahili: Urembo, Baraka, Neema. Hapo shida ni nyingine. Tembea barabara yoyote ya mji wetu uhesabu saluni zenye Baraka. Mtu akimwambia bodaboda "nipeleke Baraka", boda anauliza Baraka ipi. Neno linalofaa kila duka halimwonyeshi mtu duka lako.

Si kwamba jina la wazo ni baya. Kule Nairobi kuna nyumba ya mitindo inaitwa KikoRomeo. Aliianzisha Ann McCreath mwaka 1996, na hakuiita kwa jina lake. Kikoromeo ni ile sehemu inayotokeza kooni. Ni neno la watu wote, lakini hakuna fundi mwingine aliyefikiria kulitundika mlangoni, ndiyo maana linakaa kichwani. Leo binti yake, Iona McCreath, ndiye anayeongoza, na kibao hakijabadilika. Hiyo ndiyo kazi ambayo jina la wazo linaifanya vizuri: linabaki duka likihamia mikono mingine.

Jina lako mwenyewe linafanya kinyume. Linaahidi mikono yako. Wateja wa Candiru husema "twende kwa Candiru" kwa sababu wanajua yeye ndiye anayepima kiuno na yeye ndiye anayekata kitambaa. Siku akisafiri, msichana anayejifunza kwake akikata kitenge vibaya, hakuna atakayesema msichana aliharibu. Watasema Candiru ameharibu. Ukitumia jina lako, uwe tayari kuangalia kila nguo kabla haijatoka.

Tukamuuliza yeye, kitu ambacho tungefanya kwanza. Akasema, "Mama yangu alipata taabu, akaiandika kwangu. Watu wananijua hivyo. Nikiweka Furaha, wataniuliza nimepata wapi." Akasema pia kwamba wateja wake wa Ajia hawalisikii tena lile neno taabu. Wanamsikia yeye. Tulipowauliza wanawake waliokuwa wakisubiri kusukwa, wengi walisema hivyohivyo: maana ya jina inakufa ukishamzoea mwenye jina. Anayeisikia ni mgeni.

Basi likabaki swali la wageni, hasa wale wa Koboko, maana anapeleka nguo soko la huko na anataka siku moja kufungua chumba cha pili. Koboko kuna Wakakwa, kuna wa Sudan Kusini wanaoongea Kiarabu cha Juba, kuna Wakongo wa Lobule. Wengi hawajui candi ni nini, kwa hiyo maana haiwasumbui. Kinachowasumbua ni herufi. Tulifanya jaribio dogo: tukawasomea watu kumi na wawili jina kwa simu, tukawaomba waandike kwa ujumbe. Saba waliandika "Chandiru". Tulipowaonyesha wengine "Candiru" kwenye karatasi, wengine walisoma "Kandiru". Jina likisemwa hivi na kuandikwa vile, mtu akilitafuta kwa simu hakupati.

Tena kitambulisho chake cha ukimbizi kimeandikwa kwa Ch. Laini yake ya simu ilisajiliwa kwa kitambulisho hicho, kwa hiyo mteja anapotuma pesa, jina linalotokea kwenye simu lina Ch. Mteja mgeni akiona kibao kinasema hivi na simu inasema vile, anasita, anafikiri ametuma kwa mwizi. Hilo ndilo lililoamua. Kibao kitafuata kitambulisho: "Kwa Chandiru", na chini yake "Ushonaji na Saluni". Herufi za jina kubwa, kazi kwa herufi ndogo lakini zisomeke kutoka barabarani.

Kuna jambo la sheria pia. Uganda, mtu anayefanya biashara kwa jina lake la ukoo tupu, au pamoja na majina yake mengine, halazimiki kusajili jina la biashara. Ukiongeza neno lolote, kama Saluni, unatakiwa kusajili URSB, na wana ofisi Arua mjini. Wao hutafuta kwanza kama jina linafanana na la mwingine, kwa hiyo nenda na majina mawili matatu, na usimlipe mchoraji kabla hujajibiwa. Jueni pia kwamba kusajili jina la biashara si sawa na kulimiliki kama alama ya biashara. Hiyo ni fomu nyingine.

Kuhusu Koboko, hajaamua. Huko atakayekaa dukani ni mdogo wake, siyo yeye, na "Kwa Chandiru" itakuwa ahadi ya mikono ambayo haipo. Tumemwambia kama chumba hicho kitafunguliwa, hapo ndipo neno lisilo la mtu lina kazi. Mwenye neno ambalo si jina la mtu kwa Kikakwa, kwa Kilugbara, wala kwa Kiarabu cha Juba, atuandikie. Baraka tunayo tayari.