Neno Dogo "Ndani"

Kazi yangu ni kusoma nyaraka za watu wengine: ripoti za kamati, mikataba, hukumu. Lakini jedwali la mafao ya bima ya mama yangu nilikuwa nimelisoma kama bango la barabarani. Niliona shilingi 2,000,000 za kulazwa kwa mwaka, nikatulia, nikalitia kwenye droo.

Mama ana kisukari. Mwezi wa kumi na nne tangu aingie kwenye bima, kidonda cha mguuni kilimlaza siku tisa. Bili ilipofika 412,000, mhudumu wa dirishani aliniambia bima imetoa dhamana ya 300,000 tu. Nikamwambia, "Dada, angalia vizuri, ana milioni mbili." Akanijibu kwa upole, "Kaka, hebu shuka mstari wa tano."

Nilishuka. "Magonjwa sugu na yaliyokuwepo kabla ya kujiunga: 300,000, ndani ya kikomo cha kulazwa." Ndani. Si nyongeza juu ya zile milioni mbili, ni chumba kidogo ndani ya nyumba kubwa. Mama angevunjika mkono kwa kuanguka, angefunguliwa nyumba nzima. Kisukari kina chumba chake, na kikijaa kimejaa hadi mwaka wa bima uanze upya.

Usiku ule nilikaa na kalamu. Magongo ya kutembelea, 18,000, yalikuwa kwenye orodha ya visivyolipiwa, ukurasa wa mwisho, pamoja na miwani na viatu maalumu. Ikabaki 394,000. Ukitoa 300,000, tunadaiwa 94,000. Rudisha magongo: 112,000 kutoka mfukoni. Hakuna aliyetuibia. Yote yalikuwa yameandikwa.

Safu ya kulia ndiyo iliyonitoa jasho: kipindi cha kusubiri. Ajali, hakuna. Ugonjwa wa kawaida, siku 30. Ugonjwa uliokuwepo kabla, miezi 12. Kidonda kingekuja miezi mitatu mapema, tusingepata hata senti. Na chini, kwa herufi ndogo: bima ikikatika, kuhesabu kunaanza upya. Mwaka huo nilikuwa nimechelewesha malipo, nikalipa siku mbili kabla ya muda wa nyongeza kuisha. Siku mbili!

Sasa nalisoma jedwali kutoka chini kwenda juu. Kwanza visivyolipiwa, halafu kusubiri, halafu mstari wa ugonjwa wenyewe, na ile namba kubwa mwisho kabisa. Kliniki ya kila mwezi Mama hulipa 1,000 zake dirishani kabla ya kumwona daktari, maana hata hiyo imo. Mara 12 kwa mwaka, 12,000. Nimeziweka kwenye bajeti.

Mama aliniuliza karatasi inasemaje. Nikamwambia, "Inasema tumebakiza sifuri ya sukari mpaka Machi." Akavuta kanga, akautazama mguu wake. "Basi nitautunza mpaka Machi."