Salamu za Darasa

Tulipomzika kijana wetu hapa Likawage, ratiba ilikuwa fupi: wasifu wa marehemu, salamu za kijiji, salamu za shule, kisha neno. Alikuwa Kidato cha Pili. Jumamosi alishinda shambani akivuna ufuta na wazazi wake. Jumapili alfajiri hakuamka. Kaburi tulilichimba pamoja, Waislamu na Wakristo, kama tulivyozoea huku Kilwa.

Salamu za darasa zilitolewa na rafiki yake wa Kiislamu, waliyekaa naye dawati moja. Mwalimu alikuwa amemwandikia karatasi. Aliikunja, akamgeukia mama wa marehemu.

"Shikamoo mama. Ijumaa tuligombana, nikaondoka na daftari lake la hesabu. Nilisema nitamrudishia Jumatatu. Nimelileta. Naomba unisamehe kwa niaba yake."

Akalitoa kwa mikono miwili. Mama akalipokea, akasema, "Marahaba. Njoo, mwanangu," akamkalisha mkekani pembeni yake.

Sisi wazee wa kanisa tulikuwa tumejiandaa kusema kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Maneno hayo hayakutoka. Tulikumbuka kwamba Yesu alijua atamfufua Lazaro, na bado alilia kwanza. Mwinjilisti naye alifupisha mahubiri, akaomba tunyamaze kidogo kabla ya kutupa udongo.

Katika kimya kile kila mmoja wetu alikuwa na Ijumaa yake. Jioni, kabla ya kufika nyumbani, baadhi yetu tulipitia kwa majirani ambao hatukuwa tukisalimiana nao, tukabisha hodi.