Kimea changu kilikuwa kimekufa

Leo nawasimulia kosa nililolifanya jikoni kwangu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikizunguka vijiji vya Kasulu nikifundisha vikundi vya akina mama kutengeneza unga wa lishe. Tulichanganya mahindi, ulezi, karanga na maharage. Ulezi niliuotesha kwanza, kwa sababu nilijua kuota kunapunguza fitati. Unga huohuo ndio mke wangu aliompikia binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa na mwaka mmoja na nusu, nyumbani Kibondo.

Siku moja mtoto alipelekwa kliniki, akapimwa damu, ikakutwa gramu 8.9. Wakati huo mtoto wa umri ule alitakiwa awe na 11 au zaidi. Nilishikwa na aibu, kwani uji wangu alikuwa anakunywa kila siku.

Jirani yetu ni bibi mmoja anayepika pombe ya mtama na ulezi. Alinikuta nikikaanga kimea kabla ya kukipeleka mashineni. Akaniuliza, "Bwana Shamba, hicho kimea unakikaanga cha nini?" Nikamjibu kwamba kinanukia vizuri na hakiharibiki upesi. Akacheka. "Hicho umeshakiua. Mimi nikikaanga changu chote, pombe haichemki. Na hata kikiwa kizima, ukikitia kwenye maji yanayotokota kimekwisha."

Maneno yale yalinirudisha kwenye vitabu, na nikaona bibi yuko sahihi.

Mbegu huhifadhi akiba yake ya fosforasi kwa umbo la fitati. Fitati hiyo hushika madini ya chuma na zinki, na yakishashikwa tumbo la mtoto haliwezi kuyachukua. Mbegu ikilowa hujiona imepandwa, hivyo huamsha vimeng'enya vyake ili ivunje akiba hiyo na kulisha mche. Kuotesha kunaviongeza vimeng'enya hivyo. Lakini ili vifanye kazi vinahitaji unyevu, uvuguvugu, muda, na uchachu kidogo. Moto mkali unaviua. Mimi nilikuwa naotesha, nakaanga, nasaga, kisha natia unga kwenye maji yanayochemka. Fitati kidogo ilipungua wakati ulezi unaota, ila fitati ya mahindi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya uji, haikuguswa. Mahindi yenyewe yana kimeng'enya hicho kidogo sana, kwa hiyo kuyaloweka peke yake hakusaidii sana. Yanahitaji kuazima cha ulezi.

Wenye togwa wanalifanya jambo hili tangu zamani: uji ukishapoa hadi uvuguvugu wanatia kimea, kisha wanauacha uchachuke. Mwaka 1993 watafiti Svanberg, Lorri na Sandberg walichapisha vipimo vya uji uliochachushwa pamoja na unga wa nafaka iliyooteshwa. Kwa nafaka zisizo na tanini fitati ilipungua sana. Kwa mtama wenye tanini nyingi, ule mwekundu mchungu ambao ndege hawaupendi, matokeo yalikuwa hafifu, kwa sababu tanini inakizuia kimeng'enya.

Sasa nyumbani tunafanya hivi.

Tunachagua ulezi wa chakula, kamwe si mbegu ya dukani iliyopakwa dawa. Kilo mbili tunaziosha na kuziloweka saa 12, tukibadilisha maji mara moja. Tunachuja, tunatandaza kwenye gunia safi, tunafunika kwa kitambaa kibichi, na kunyunyizia maji asubuhi na jioni huku tukigeuza. Kwa siku mbili huwa umeota. Juni na Julai, baridi ya Kibondo inapokaza, huchukua siku tatu. Kizizi kikifika kama nusu sentimita tunaanika juani juu ya kichanja hadi punje zilie zikitafunwa. Kisha tunafikicha na kupepeta ili vizizi na machipukizi yatoke. Kwa mtama usiiruke hatua hii, maana machipukizi yake yana sumu. Kilo zangu mbili zilirudi kilo moja na gramu 700, kwa hiyo mfanyabiashara aweke upungufu huo kwenye bei. Tunasaga bila kukaanga.

Ukiona ukungu mweusi au wa kijani, au harufu ya uvundo, mwaga kimea chote. Usichambue punje nzuri, wala usitegemee kupika, kwa sababu sumukuvu haiishi kwa kuchemsha.

Jioni tunachanganya kikombe kimoja cha unga wa dona na vijiko viwili vya chakula vya kimea katika vikombe vitatu vya maji yaliyochemshwa yakapoa hadi uvuguvugu. Tunaongeza upawa mmoja wa mchanganyiko mbichi uliochachuka jana, tunafunika na kuweka karibu na jiko hadi asubuhi. Mchanganyiko mzuri una uchachu wa kupendeza na mapovu madogo. Ukinuka vibaya au ukivuta utelezi, mwaga. Kisha tunapika na kuuacha uchemke dakika kumi kamili, kwa sababu kimea hubeba vijidudu. Uji utakuwa mwepesi kuliko ulivyozoea. Usishangae, kimea hulainisha wanga. Ndiyo maana maji ni vikombe vitatu tu, ili mtoto apate chakula badala ya maji.

Kwa macho huwezi kuona fitati. Lakini unaweza kujua kama kimea unachonunua kimeuawa na moto. Pika uji mzito, uache upoe hadi kidole kistahimili, tia kijiko cha kimea ukoroge. Kikiwa hai, ndani ya robo saa uji utalegea na kumiminika. Ukibaki mzito, kimekaangwa au kimezeeka. Uji wa jaribio usimpe mtoto bila kuuchemsha tena.

Wenye kuuza unga wa lishe, nawashauri kimea mkifunge pembeni kwenye kifuko chake, na mwandike "loweka usiku kucha, kisha chemsha". Maharage msiyaoteshe na kuyasaga mabichi. Yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yachemshwe hadi yaive, ndipo yakaushwe na kusagwa. Maharage mabichi yana sumu inayotapisha.

Na binti yangu? Kliniki walimpa dawa ya madini ya chuma ya maji, wakampima malaria, wakampa na dawa ya minyoo. Miezi mitatu baadaye damu yake ilikuwa 11.2. Sitasema ni kwa sababu ya uji. Dawa ndiyo ilimnyanyua, na mtoto mwenye viganja vyeupe apelekwe kliniki, si jikoni. Uji ni wa kumsaidia asirudi kule. Tunamwekea na unga wa dagaa wa Kigoma kwenye mboga, na chai tumemwondolea, maana chai nayo inazuia madini ya chuma yale yale tunayohangaika kuyafungua.

Bibi bado ananitania kila akipita. Wiki iliyopita aliinua kifuniko cha sufuria yetu, akanusa, akasema, "Leo kiko hai."