Barua ya Binti wa Kamachumu

Mwezi Juni 2022 nilikuwa Bukoba kwa mapumziko mafupi. Binti wa kaka yangu alipanda basi asubuhi kutoka Kamachumu, wilayani Muleba, akanijia na karatasi mbili za daftari. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. "Shikamoo, baba mdogo," akasema. "Naomba unisomee barua hii kabla sijaipeleka shuleni."

Ilikuwa barua ya kuomba kurejea kidato cha tatu. Ilianza kwa maneno "Kwa Mwalimu Mkuu", ilhali katika sekondari tunasema Mkuu wa Shule. Hilo lilikuwa kosa dogo. Kosa kubwa ni kwamba ukurasa mzima wa kwanza ulijaa machozi: mama kupatwa na kiharusi, wadogo watatu, kibanja kuota majani, baba kuwa mbali kisiwani akivua. Yote yalikuwa kweli, lakini hapakuwa na tarehe hata moja.

Nikamweleza kwamba huruma ya mkuu wa shule, hata ikiwa nyingi, haimpi mamlaka. Kinachompa mamlaka ni waraka. Tarehe 24 Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito, wanaweza kurudi katika shule za kawaida. Mwongozo uliofuata mwaka 2022 uliweka ukomo: arejee ndani ya miaka miwili tangu alipokatiza masomo. Baada ya hapo njia inayobaki ni elimu ya watu wazima, na hatimaye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Njia hiyo ina heshima yake, lakini binti huyu angeifuata kwa taa ya usiku, kazi zote za nyumbani zikiwa bado mabegani mwake.

"Uliacha lini?" nikamuuliza.

"Walipofunga kwa ajili ya Korona."

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoona hatari. Shule zilifungwa tarehe 17 Machi 2020. Ukihesabu kuanzia siku hiyo, miaka miwili ilikwisha Machi 2022, na barua yake ilikuwa imechelewa kwa miezi mitatu. Lakini mwezi Machi hakuna mwanafunzi aliyeacha shule. Shule ndizo zilizofungwa. Zilifunguliwa tarehe 29 Juni 2020, na siku hiyo ndipo yeye alipokosekana darasani kwa mara ya kwanza, kwa sababu mama alikuwa hawezi kuinuka kitandani. Kwa hesabu hiyo, alikuwa amebakiwa na siku kumi na moja.

Tukaiandika upya. Kichwa cha habari: "Yah: Ombi la kurejea masomoni kidato cha tatu". Aya ya kwanza ilitaja jina lake kamili, namba yake ya PREM, na kwamba alifanya upimaji wa kidato cha pili mwaka 2019. Aya ya pili ilieleza siku aliyokosekana na sababu yake, kwa sentensi tatu tu. Aya ya tatu ndiyo iliyotuchukua muda mrefu, maana ilipaswa kujibu swali ambalo mkuu yeyote wa shule atauliza: ni nini kilichobadilika hata kazi ile isimrudishe nyumbani tena msimu wa kahawa? Akaandika kwamba mama sasa anatembea kwa fimbo na kupika mwenyewe, na kwamba shangazi amehamia pale nyumbani na ndiye atakayesimamia kibanja. Tukaambatisha barua ya Afisa Mtendaji wa Kijiji kuthibitisha hayo.

Nilitaka kuongeza maneno yangu ya kisomi. Akanizuia kwa adabu: "Baba mdogo, mkuu atajua si mimi." Nikaweka kalamu chini.

Aliipeleka mwenyewe, pamoja na shangazi, siku ya Jumatatu. Mkuu wa shule aliisoma mara mbili, akahesabu miezi kwa vidole, kisha akauliza swali lile lile la aya ya tatu. Shangazi ndiye aliyejibu. Mwezi Julai binti alikaa darasani na watoto waliokuwa shule ya msingi wakati yeye anaingia sekondari.

Nafurahi, lakini sijatulia. Ukomo wa miaka miwili unampima aliyeuguza mgonjwa kwa kipimo kile kile cha aliyechoka kusoma, na kiharusi hakifuati kalenda ya wizara. Mama yule angechelewa kuinuka kwa mwezi mmoja tu, barua ile ile, yenye ukweli ule ule, isingekuwa na wa kuipokea. Ninawafahamu vijana wa visiwa vya Muleba ambao hesabu yao ilikwisha wakiwa bado wanavuta nyavu za baba zao.