Kadiri na Ndivyo: Hesabu "Vyo" Tatu

Hapa kwetu Embulbul Kiswahili hakitembei peke yake. Ukitoka stendi kuelekea sokoni utasikia Kimaasai, Kikuyu na Sheng, na zote twazibeba hadi chamani. Juzi katika mdahalo mwenzetu mmoja alisimama akanena, "Kadiri unapofanya mazoezi ndio unaongea mzuri." Makofi yakalia, kwani maana ilifika. Lakini je, kwenye karatasi ya mtihani si ingepigwa kalamu nyekundu? Hebu tuipime.

Kadiri ni kipimo, yaani kiasi. Kitenzi kinachoifuata sharti kibebe -vyo-, ambayo huonyesha jinsi au kiasi. Huyu alitumia -po-, nayo hutaja wakati au mahali. "Unapofanya" ni wakati ule wa kufanya tu, kwa hivyo kipimo kimepotea. Tuseme "kadiri unavyofanya mazoezi".

Upande wa pili nao unadai -vyo- yake. "Ndio unaongea" ni ya mtaani, ndugu ya ile "venye unafanya ndio unaongea". Katika insha tuandike "ndivyo unavyoongea". Mwisho, "mzuri" husifu mtu au kitu, ilhali hapa twaeleza kuongea, basi ni "vizuri". Tukiongeza "zaidi", ulinganisho unakuwa wazi. Sasa tunayo: "Kadiri unavyofanya mazoezi ndivyo unavyoongea vizuri zaidi."

Kuna mtego mwingine, tena huu huwanasa hata mabingwa. Chukua matatu za kwenda Nairobi: "Kadiri abiria wanavyoongezeka ndivyo nauli inavyopanda." Kiambishi cha mwanzo kimebadilika, wa- kwa abiria na i- kwa nauli, lakini -vyo- haikutikisika. Mwanafunzi akiona nauli huvutwa na ngeli yake akaandika "ndiyo nauli inayopanda". Kumbe hapo amesema jambo jingine kabisa, kwamba nauli ndiyo ipandayo, wala si kitu kingine. Uhusiano na abiria umekatika.

Ukisimulia yaliyopita, kwa kawaida pande zote mbili huchukua -li-: "Kadiri alivyosoma ndivyo alivyoelewa." Katika ukanushi, -na- huondoka na -si- huingia: "Kadiri usivyofanya mazoezi ndivyo unavyozidi kusahau." Usiandike "hauvyofanyi", hakuna kitu kama hicho.

Basi kabla ya kukabidhi insha yako, hesabu "vyo": ya kwanza katika kitenzi baada ya kadiri, ya pili katika ndivyo, ya tatu katika kitenzi cha mwisho. Zikiwa mbili, rudi uitafute iliyopotea. Na uitafute mapema, wenzangu, maana kadiri kosa linavyorudiwa ndivyo sikio linavyoliona kuwa sahihi.