Tembo la Mgema Si Ndovu

Ninaposahihisha insha za methali katika mitihani ya majaribio, hukutana na watahiniwa waliokariri kwamba "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji" ina maana kuwa mtu akisifiwa huharibu kazi. Maana hiyo ni sahihi. Tatizo ni kwamba hawajui mgema ni nani, na insha ikifika ukurasa wa pili hawana tena la kusimulia. Ukitaka kujua kama umeielewa methali, mweleze mtoto aliye mdogo kwako. Huyo hatosheki na maneno ya kukariri.

Mpwa wangu wa gredi ya sita aliniuliza, "Mjomba, tembo anatiwaje maji?" Akilini mwake alikuwa na ndovu. Sikumpa jibu. Nilimwambia alitazame neno "hulitia", kisha aniambie angesemaje kama anayetiwa maji ni mnyama. Akafikiri kidogo, akasema, "Humtia." Basi. Mnyama yumo katika ngeli ya A-WA, kwa hivyo hawezi kuwakilishwa na kiambishi "li". Tembo hili limo katika ngeli ya LI-YA: ni pombe ya mnazi, ambayo watu wengi wa Pwani ya Kenya huiita mnazi tu. Sarufi yenyewe ilimtoa ndovu nje ya methali.

Hapo tulikuwa tungali katika maana ya nje, na sikutaka kuivuka haraka. Nilimweleza kwamba mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni akiwa na kisu kiitwacho kotama. Hukata ncha ya karara, ile ala inayofunika maua machanga, akaning'iniza kibuyu ili utomvu udondokee ndani. Utomvu huo ni mtamu ukiwa mpya, nao huchacha upesi na kuwa mkali. Mnunuzi anayengoja chini haoni yanayotendeka kule juu. Humwamini mgema tu. Mgema akiongeza maji, kibuyu hujaa na fedha huongezeka, lakini tembo huwa chapwa.

Sasa ndipo jazanda inapofunguka. Mgema anasimama badala ya yeyote anayefanya kazi nzuri, tembo ni kazi yake, na maji ni upungufu anaouingiza kwa kujua au kwa kuzembea. Neno "akisifiwa" halisimami badala ya kitu kingine. Ni sifa hasa, nalo ndilo linalobeba sababu. (Wengi hulipita neno hili mbio, kwa kuwa si gumu.)

Nilimwomba mpwa wangu anipe mfano wake. Akasema, "Ni kama yule mama wa mandazi. Siku hizi mandazi yake ni madogo." Nikamuuliza yamekuwa madogo kwa nini. Akasema unga umepanda bei. Basi huyo si mgema wetu, nikamwambia, maana aliyempunguzia mandazi ni bei. Akajaribu tena: tuseme wateja walimsifu mpaka akaona watanunua chochote, akaanza kupunguza unga. Huyo ndiye.

Mtahiniwa, kosa lako huenda likawa hapo hapo. Ukisimulia juu ya mwanafunzi aliyeongoza darasa, akasifiwa gwarideni, kisha akaugua malaria na kuanguka mtihani, umeandika kisa cha ugonjwa. Lazima sifa zimfikie kichwani: aache kudurusu, awadharau wenzake wa kundi la majadiliano, aamini jina lake litamwandikia majibu. Vilevile usianze na kijana mvivu. Tembo lake lilikuwa chapwa tangu mwanzo, na hakuna cha kuharibika. Tumia aya za kutosha kuonyesha kazi ikiwa bado nzuri, ndipo sifa zije, ndipo maji yaingie. Na usiandike insha ya kulaani ulevi kwa kuwa tu pombe imetajwa.

Si kila methali hufunguliwa neno kwa neno namna hii. Chukua "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani." Mtoto atahitaji kuambiwa kwamba tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo cha baharini, omo ni ya mbele, na ngama ni ile ya chini ndani ambamo maji hukusanyika na kutekwa. Ukimchorea jahazi kwenye karatasi ataelewa upesi zaidi. Lakini akikuuliza tezi inasimama badala ya nini na omo badala ya nini, usimbunie jibu. Maneno hayo mawili hufanya kazi pamoja: ni huku na huko kote mtu anakoweza kwenda. Ngama peke yake ndiyo yenye maana ya ndani inayojitegemea, nayo ni nyumbani, kwa watu wake. Ukiandika insha juu ya methali hii, mhusika wako anaweza kuhamia mji wowote, mradi usisahau kumrudisha.