Insha Iliyovuka Ziwa

Mwanafunzi wa Itungi aandika kwa mkono wake: “Ziwa limechafuka, mitumbwi imelala mchangani.” Mashine ya tafsiri, ikimvusha hadi Kiingereza, huelekea maneno yaliyozoeleka, mitumbwi iliyolala yaweza kuwa iliyoegeshwa tu. Kipimo cha kunasa maandishi ya mashine nacho hutazama mazoea hayo hayo: neno likibashirika kwa urahisi, shaka hupanda. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vipimo 7 kwa insha 91 za TOEFL, zilizoandikwa na watu wasiozaliwa na Kiingereza. Kwa wastani, zaidi ya nusu zilidaiwa kuwa za mashine. Basi alama hupima mazoea ya maneno, haimjui mwenye fikra. Shahidi wa mwanafunzi ni rasimu yake ya Kiswahili, aihifadhi.